Maili Thelathini

Nairobi, 12 Januari 2026

Kwa mjomba Mahir,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Sisi hatujambo, ila mtoto ana mafua. Goti lako laendeleaje?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo hili si la simu. Unajua mimi ndiye ninayeongoza upande wa Kenya katika mkataba wa meli za kigeni za jodari. Wanataka kuvua kuanzia maili kumi na mbili kutoka pwani, palepale wanapokata nyavu zenu za majarife. Nikisema wasogee mbali zaidi, mkuu wa ujumbe wao hutabasamu tu. Anajua serikali yetu inautaka mkataba huu, basi ananiona sina pa kuegemea. Lakini hata nikitia sahihi, Bunge lazima liidhinishe, na wabunge wa pwani wanawaogopa nyinyi. Uchaguzi ni mwakani.

Wewe ni katibu wa wavuvi. Kamati ya Bunge inakuja Malindi kuchukua maoni. Semeni maili hamsini na msilegeze, nami nitamwambia, "Bwana, mimi ningekubali, ila kwetu hawatapitisha." Nikipata ishirini na tano nitashukuru.

Mpwa wako,
Rufaida

Malindi, 27 Januari 2026

Mwanangu Rufaida,

Waalaikum salaam. Marahaba. Goti ni lilelile, linanidai kila nikipanda ngazi. Mpe mtoto asali na ndimu, uachane na dawa za dukani.

Tumeyafanya. Mwanzo watu walikuwa baridi, basi nikawapandisha mori: tukasoma Fatiha ya kiapo kwamba anayekubali chini ya hamsini si mwenzetu. Hata Dena, mtu wa kanisa, alisimama akainamisha kichwa. Mbunge wetu naye akaapa mbele ya kamera. Umepata kelele zako, sasa zitumie.

Mjomba wako,
Mahir

Nairobi, 10 Februari 2026

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mafua yamepoa, asali imefanya kazi.

Kelele zimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Yule mkuu wao alipoona picha za mkutano wenu aliacha kutabasamu, akatoka kumi na mbili akafika thelathini. Hapo akasimama. Naye ana Bunge lake, ana wenye meli na wafanyakazi wa viwanda vya samaki wanaompigia kura waziri wake. Amenionyesha orodha ya wabunge wao. Zaidi ya thelathini, anasema, kura hazitoshi. Nimemwamini. Ili mumeze hiyo thelathini ameongeza kiwanda cha barafu Malindi na mkaguzi wetu ndani ya kila meli.

Tukikataa, tunabaki mikono mitupu: hakuna barafu wala mkaguzi, na meli zitavua nje ya mpaka wetu samaki walewale. Ofa inakwisha mwezi wa nne. Tafadhali washushe hadi thelathini. Sema ni wazo lako.

Mpwa wako,
Rufaida

Malindi, 16 Februari 2026

Rufaida,

Marahaba. Sisi wazima.

Fatiha haishuki bei, mwanangu. Uliniambia nikaze, hukuniambia kuna siku ya kulegeza. Nilijaribu jana. Dena akaniuliza, "Katibu, hiyo thelathini umepewa na nani?" Nikafunga kikao, na kila mtu akaona nimelikimbia swali. Mbunge hasogei mpaka wavuvi wasogee. Umemfunga mkono yule bwana ukaufunga na wako, na kamba ni mimi.

Niache nifikiri. Mwezi mtukufu unaingia.

Mahir

Nairobi, 15 Machi 2026

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi mzima sina neno lako. Waziri ananiuliza kila asubuhi. Kama nimekuudhi, niambie.

Mpwa wako,
Rufaida

Malindi, 29 Machi 2026

Mwanangu,

Marahaba, na Idd njema iliyopita. Mimi mzima.

Jana niliwaambia kweli. Kwamba hamsini ilikuwa silaha yako ya mezani, na mimi niliwasomesha Fatiha juu ya neno nisilolikusudia. Niliwaomba radhi. Nimeona haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Kisha nikatandaza ramani: boti zetu nyingi hazipiti maili ishirini. Walipiga kura juu ya thelathini, kwa sharti kwamba barafu na mkaguzi viandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Sitini na nne walikubali, hamsini na tisa walikataa. Kabla ya alasiri mbunge alikuwa amegeuza hotuba.

Halafu wakapiga kura juu yangu. Mkono mmoja tu ulinyanyuka nibaki, wa Dena.

Tia sahihi.

Mjomba wako,
Mahir

Nairobi, 21 Aprili 2026

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Tumetia sahihi wiki iliyopita, na barafu na mkaguzi vimeandikwa kama walivyotaka. Kamati imeshaupendekeza kwa Bunge.

Jana nimesoma gazeti la kwao. Kiongozi wa wafanyakazi wa viwanda anashangilia. Anasema wao walikuwa tayari kwa arobaini. Orodha niliyoonyeshwa ilikuwa mchezo uleule niliokufundisha, ila wao hawakumfichua mtu wao kabla ya sahihi. Maili kumi zimenipita nikizitazama, na cheo chako kimekwenda pamoja nazo. Nililia ofisini, mjomba.

Ningeweza kukuficha. Nimekuandikia wewe kabla ya waziri. Ijumaa nakuja Malindi. Waite wavuvi, waambie katibu wao wa zamani ana mgeni. Safari hii nitasimama mimi, wewe ukae.

Mpwa wako,
Rufaida