Mwalimu Cresensia na Mizani ya Kahawa

Antonia, shuka kwenye hiyo mizani! Kila asubuhi? Umemsahau Mwalimu Cresensia wa Oldeani, mwaka 1984?

Alikuwa amestaafu, mjane, magoti yanamuuma. Kila asubuhi alipanda mizani ya kupimia magunia ya kahawa pale ghalani. Karani wa ghala anapaza sauti: "Mwalimu, umeongezeka kilo!" Kilo nzima! Basi anashinda njaa, jioni anamaliza ugali wa sufuria nzima peke yake.

Nesi wa zahanati akamwambia, "Hayo ni maji na chumvi ya jana, mama, si mafuta. Pima mwisho wa mwezi."

Akaacha kujipima kila siku. Akala kwa wakati, akatembea. Kila mwisho wa mwezi uzito ukapungua kidogo.

Lakini asubuhi bado alipita kwa karani.

"Hupandi, Mwalimu?"

"Sipandi. Nisalimie tu. Tangu jana sijaongea na mtu."