Barua ya Mama wa Kambo Iliyotiwa Chumvi

Mheshimiwa mshauri wa gazeti, shikamoo.

Mimi ni Zuena wa Kilole, Korogwe, kalamu ameishika Paulina mke wa mwalimu maana mimi sijui kuandika, nakuomba uniokoe kabla nyumba yangu haijavunjika ikiwa bado mpya. Niliolewa na Mdoe, mpasua mawe wa reli, naye ana binti wa miaka kumi na mitano, Mwaija, anayekaa kwa bibi yake Chanika, Handeni, tangu mama yake alipofariki mwaka juzi, na Mdoe anataka mahindi yakishavunwa aje kukaa nasi, nami nikaona mtoto asije akakutana na uso asioujua, afadhali nitangulize barua kwa kuwa kasoma, basi nikaenda sokoni kwa mzee mmoja mwandishi mwenye miwani ya kioo kimoja, nikamwambia andika hivi: "Mwaija, mimi ni Zuena, mke wa baba yako. Sikuombi uniite mama, mama yako unaye. Chungu chake nimekikuta, sikipikii, nimekifunika. Naogopa kukutana nawe, labda nawe unaogopa. Tukizoeana polepole nitafurahi, tukichelewa sitakasirika. Shikamoo tu usininyime, majirani wana masikio."

Mzee akaandika, akageuza karatasi akaandika na nyuma, nikashangaa maneno yangu yameongezeka lini, nikadhani ndiyo elimu yenyewe, Salimu mchukuzi akaipeleka, na jibu likarudi: "Umesema kuanzia leo wewe ndiye mama yangu, nifute machozi nikukimbilie kifuani, na kwamba utanifunda upya. Mama yangu kazikwa Chanika. Huko siji." Sasa Mdoe amekata fimbo ya mkwaju, anasema atakwenda kumswaga kama mbuzi wa mnada, nami kila asubuhi namshika shati, nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Zuena binti yangu, marahaba. Tangu nianze kushika kalamu sijawahi kuharibu barua ya mtu hata moja.

Basi, usigune hivyo. Mzee wa kioo kimoja ni mimi. Gazetini natoa ushauri, sokoni naandika barua. Shule niliiacha darasa la pili, siku mwalimu alipouliza nani kamwita nyangumi. Maneno yako niliyaona mafupi kama shati la mtoto, nikayashonea mikono. Kumbe mtoto lilimtosha vilevile lilivyokuwa.

Nimekwisha kujichapa. Sasa zamu yako. Kwa nini hukuniambia, "Mzee, nisomee"? Unanunua samaki humfunui mashavu?

Mdoe naye, mwambie fimbo hiyo aifanye kuni. Binti aliyeletwa kwa fimbo atakaa na mgongo wake kwako mpaka aolewe. Aende Chanika yeye baba, peke yake, mikono mitupu, akae siku mbili, asikilize. Wewe usiende. Na binti akimkosea mtu, amkanye baba yake, si wewe. Wewe bado mgeni.

Tena elewa jambo hili, maana hapa sitanii. Mtoto hakuchukii. Anaona akikuchekea meno tu, amemsaliti aliye kaburini. Kwa hiyo mama yake mtaje, tena kwa jina, usimfiche kama deni la pombe. Mtoto usimnunue kwa kanga. Usimvute kwenye mkeka mmoja mkae mtazamane usoni kama mahakimu. Mpe kisu, nawe shika chako, mmenye mihogo. Macho yakiwa kwenye mihogo, mdomo hufunguka wenyewe. Asiposema, nawe nyamaza, mihogo itaiva tu. Hesabu kwa misimu ya mahindi. Kwa siku utachoka.

Nami sikukaa bure. Nilimwandikia Mwaija mara tu nilipoisoma barua yako: "Mjukuu, yale ya kifuani ni yangu mimi mzee mpumbavu, huyu mama hakuyasema." Chini nikaweka maneno yako yaleyale, bila mikono. Salimu kayabana kwenye kijiti chake cha kubebea barua, kaenda nayo. Jana karudi.

"Kasemaje?" nikamwuliza.

"Kasoma mara mbili, mzee. Bibi yake kacheka mpaka kikohozi kikamshika."

Jibu hili hapa: "Mke wa baba, shikamoo. Nitakuja na baba mahindi yakivunwa, nilale siku tatu, kisha nirudi kwa bibi. Nikipenda nitakuja tena. Nakuja na kuku wangu, analala ninapolala mimi. Mzee yule asiniandikie tena."

Zuena, kuku alale ndani. Akichafua mkeka, fagia bila kusema neno. Siku ya nne wasindikize mpaka njia ya Handeni, usiulize atarudi lini.

Na siku ile sokoni uliniahidi kunishonea kiraka cha kanzu. Imepasuka kwapani, naogopa hata kunyoosha mkono kusalimu watu. Naileta Ijumaa.