Mikeka ya Matanga kwa Mutu Mwenye Kupumua

Kisangani, Mangobo

Yaya Béa,

Mimi leki yako Dido, mudogo wako, nakusalimia, hata kama hustahili. Mama iko namna gani, goti yake inamuuma bado? Papa alipata uzi wa nyavu niliotuma? Watoto wako wanakula? Kama wote wako salama, bon, nafurahi. Sasa kaa chini. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu unanikatia. Karatasi haikatiki. Na ukiipasua, mwenye pikipiki aliyekuletea barua hii nimemufundisha yote, atakusimulia kwa mudomo mbele ya majirani.

Mimi niko muzima. Velo yangu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, niliiweka kiti kipya cha sponji nyekundu, na wamama wa soko wanasema Kisangani nzima hakuna anayekwepa mashimo kama mimi. Ni wao wanasema, si mimi. Hiyo nakupa bure. Tuje kwa Fiston.

Unajua Fiston, rafiki yangu tangu tukiiba mihogo ya Papa pale Ubundu, mwenye tunapanga chumba kimoja hapa. Alianza kukonda. Alikuwa anakunywa maji kama velo yenye kutoboka, na kutoka kukojoa kila saa. Mimi nilimuchokoza tu: «Mutoto wa mto, umeukumbuka mto?» Halafu akaanguka na velo yake, anapumua mbio mbio, mudomo unanuka kama ndizi ya kuoza. Nikamupeleka hospitali kwenye kiti changu kipya, nimemufunga kwa kitenge ya abiria mumoja asiangukie nyuma. Walimutoboa kidole, wakaangalia ndani ya mashine ndogo, wakamutundikia chupa ya serum. Ni ugonjwa wa sukari. Si ile ya wazee yenye vidonge. Mwili wake umeacha kutengeneza insuline, donc atajidunga kila siku, maisha yote. Akiacha, hata siku chache, anakufa.

Munganga alipotoka, Fiston aliniangalia. Nilikaa kwenye kitanda, nikamupa chupa ya maji. Kisha nikasema: «Basi mwizi wa sukari yangu amepatikana.» Akacheka, akalia, akacheka tena. Lakini usiige, Yaya. Ni mimi na yeye, toka utoto. Wewe ukiisema itakuwa tusi. Halafu nikamuuliza: «Unataka nani ajue, na nani asijue?» Akasema mama yake tu.

Hapo njo akakupigia simu, kwa sababu nyumba yako na ya mama yake kule Ubundu zinashikana. Alikuomba kitu kimoja: uende ukae naye, nyinyi wawili tu, umwambie polepole. Na wewe ulimujibu nini? Nilikuwa pale, simu ilikuwa wazi, nasikia yote.

«Weh, Fiston! Tonton wa bwana yangu, mujomba wake, alikuwa nayo! Walimukata muguu, wakakata wa pili, tukamuzika!»

Nani alikuuliza habari ya tonton wa bwana yako? Halafu: «Ni ile masoda ya masucré munakunywaga kule mujini.» Uongo, munganga alisema haikutoka kwa sucré. Halafu: «Ama kuna mutu alikutupia kitu, fikiri vizuri.» Halafu, kwa kufunga: «Jikaze, wewe mwanaume.» Kila neno uliweka jiwe kwa mutu mwenye kubeba mufuko. Fiston aliweka simu chini polepole, kama mutu anayeweka kikombe cha mwingine.

Na hapo ukaenda kwa mama yake? Hapana. Ulienda kwenye koral, kwaya yako ya kanisa, ukaomba «sala kwa Fiston mwenye hali mbaya». Habari ikavuka mto kabla ya mama wa watu kujua. Jumamosi nimerudi kula, nakuta kwenye kiwanja chetu ma tante wake Véro, shangazi yake, na wamama sita, wametoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na pirogue. Wametandika mikeka. Wamevua viatu. Wanaimba zile nyimbo tunaimba usiku wa matanga, Yaya, zile! Fiston amekaa katikati kama maiti iliyokosa sanduku.

«Ma tante,» nasema, «nani alikufa?»

«Nyamaza, mutoto bila adabu. Tunamufungia kwa sala. Hatakula mpaka kesho.»

«Alijidunga asubuhi! Akijidunga lazima akule!»

«Wewe umekuwa munganga lini? Velo imekupa diploma?»

Fiston alikuwa amechoka kukataa. Alikubali asiwakasirishe. Mimi nikaenda kuwasha moto, kwa sababu nilijua. Nilienda naye kwa munganga mara ya pili, nikauliza mpaka infirmière, muuguzi wao, akaomba niende kujaza maji. Insuline inashusha sukari. Bila chakula, inaishusha mpaka chini kabisa.

Na kweli, jasho likaanza. Mikono inatetemeka. Ananiita jina la marehemu ndugu yake. Ma tante Véro akaruka: «Aleluya! Pepo linatoka! Imbeni!» Wakaimba nguvu. Nikakuja na chai, sukari nyingi ndani, akanipiga mukono, kikombe kikaanguka. «Sukari njo inamuua, na wewe unamuongezea?»

Nilimusukuma, Yaya. Ndiyo, mama wa watu wazima, alikaa kwenye mukeka wake mwenyewe. Nikakoroga ingine. Fiston alikuwa anaweza kumeza bado, kama hawezi hakuna kumutia kitu mudomoni, unakimbia hospitali. Alikunywa yote. Tukangoja. Jasho likakauka. Akanitambua: «Dido, mbona unanuka moshi?» Nikamupa wali na samaki, akakula mbele yao wote. Pepo lilikuwa na njaa tu.

Wamama wakaenda, na mikeka yao, isipokuwa mukeka mumoja waliousahau. Usiku huo Fiston akaniambia: «Wameshanizika. Ya nini kujidunga?» Hapo niliogopa kuliko kwenye jasho. Nilitaka kumutukana. Nilitaka kusema «itaenda vizuri», lakini mimi najua nini? Nikamuuliza tu: «Inakuuma wapi sana?» Akaongea muda mrefu. Juu ya mama yake. Juu ya mwanamuke gani atakubali sindano ndani ya nyumba.

Asubuhi nikaweka chungu cha muhogo kwenye moto. «Unajidunga sasa, ama nitoe maji ya muhogo kwanza?» Sikumuuliza kama atajidunga. Aliangalia mvuke. Halafu akanyoosha mukono: «Lete.»

Donc, sikiliza. Utaenda kwa mama yake leo, bila koral, bila machozi yako. Utamwambia: mutoto wako anagonjwa, anatibiwa, anafanya kazi tena, anabeba sukari mufukoni na anamuita Dido mwenyewe akitetemeka. Akitaka kuja, akuje. Akifika asiseme «Mungu anajua», asiseme «nakuelewa». Aulize: «Umekula?» Inatosha. Fiston mwenyewe aliniambia niandike hivyo, na alisema wewe usikuje kwanza. Mimi sikumubishia.

Salamu kwa Mama, mwambie apumzishe ile goti. Kwa Papa, nyavu ikishika samaki atutumie mukavu. Kwa nyanya mwenye kuuza chikwangue ya muhogo kwenye gare ya treni, na kwa shemeki yangu, bwana yako, pole kwa tonton wake, lakini wewe umuache marehemu apumzike.

Mukeka ule wamama waliousahau, tumeukata. Insuline haipendi joto, tunaiweka ndani ya chungu kidogo, kimeingia ndani ya kikubwa, katikati muchanga wenye maji. Kipande cha mukeka njo kifuniko.

Leki yako mwenye hasira na mwenye velo nzuri,

Dido