Alama Niliyoandika Bila Kutazama

Kisarawe, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri.

Nina hofu. Naandika nikiwa kwenye baraza ya zahanati. Hatua thelathini kutoka hapa kuna kibanda cha makuti tulichokitenga kwa wanaoshukiwa kuwa na ndui, na ndani yake amelala Zuhura, mkunga msaidizi, mwenzangu wa kazi. Homa ilimpanda jana asubuhi. Mgongo unamuuma mno.

Kosa ni langu, na leo nimemwambia.

Mwezi uliopita, tukiwa Kibaha, tulichanjana sisi wenyewe kwanza, kama inavyompasa kila mchanjaji. Baada ya juma moja mkono hutazamwa. Ukiwa na lengelenge lenye usaha, chanjo imeshika. Ukiwa mkavu, unachanjwa tena. Mimi nilikunja shati nikamwonyesha wangu. Zamu yake ilipofika, alikuwa amejitanda khanga mpaka kwenye viwiko, nami nikaona haya kumwambia afunue bega. Wake za watu na mabinti zao nawatazama mikono kutwa bila kupepesa jicho. Kwake yeye nilishindwa. Niliinamia daftari nikaandika: imeshika.

Sijui hata kwa nini sikujiuliza haya zile zimetoka wapi.

Kisha ikaja habari ya ndui Vihingo. Bwana Mganga, mkuu wetu wa zahanati, alitupa thamosi moja ya barafu, ndani yake vimirija vya kioo vyenye dawa ya chanjo, akasema barafu ikiyeyuka dawa inakufa. Tulikuwa na siku tatu na kijiji kizima. Mimi nilikaa uwanjani na wanaume, Zuhura akaingia nyua za wanawake. Osha mkono kwa sabuni, ngoja ukauke, dondosha tone, kwaruza kwa sindano juu ya tone bila kumwaga damu, kisha mtu akae kivulini mpaka pakauke. Kila nikifungua thamosi nilipapasa barafu, na kila mara ilikuwa ndogo zaidi. Nilimfokea mara mbili. Siku ya tatu adhuhuri alitoka nyumba yenye wagonjwa wawili, akaketi karibu yangu, akanipa nusu ya muhogo wake. Mirija ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyebaki hajachanjwa.

Nilitamani tuendelee kuketi pale.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu atoke nyumba ile, na ndui hujificha mwilini siku kumi hadi kumi na nne kabla homa haijapanda. Hesabu hiyo naijua vizuri kuliko jina langu. Nimempa kwinini, nikajidanganya kwamba ni malaria. Mchana nikashindwa kujidanganya, nikaingia kibandani. Mimi chanjo yangu ilishika, siogopi kuambukizwa. Nilikuwa naogopa kusema.

"Bi Zuhura, kule Kibaha sikuutazama mkono wako. Niliandika tu."

Akafumbua macho.

"Najua. Nilikuona."

Akafunua bega mwenyewe. Laini, halina hata alama. Nikakaa chini. Dawa mpya imeletwa juzi, imo kabatini, lakini kumchanja leo ni kujifurahisha tu, siku ambazo chanjo ingemfaa zimepita.

Nikamwambia yote. Kwamba niliona haya kwa sababu yeye kwangu si mtu wa kutazamwa kama wengine. Kwamba nampenda, na kwa kumpenda huko huenda nimemuua. Nililia, sitaficha humu.

Alivuta khanga akalifunika bega.

"Na mimi nilinyamaza, Bwana Hamisi. Ningesema haijashika, ungeniacha Kibaha ukaja Vihingo peke yako. Sikutaka kubaki nyuma. Sasa tuone nani mjinga zaidi."

Akacheka, na kicheko kikamuumiza mgongo. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nimeushika mpaka akapitiwa na usingizi.

Nimetoka nikafungua daftari. Nimeikata ile alama, nikaandika pembeni kwamba mkono haukutazamwa, nikaweka jina langu. Bwana Mganga akilisoma Ijumaa, kazi sina. Na iende.

Upele wa ndui hutokea siku ya tatu ya homa, na huanzia usoni. Siku hiyo ni kesho. Uso ukibaki safi, kuna tumaini kwamba ni malaria. Usipobaki safi, sitaki kuandika.

Nilipompelekea uji jioni hii aliniita kwa jina tupu, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Hamisi. Kesho kukipambazuka njoo unitazame uso. Na safari hii usione haya."

Nimemwahidi. Ee Mola, nipe macho ya kutazama.