Urefu wa Bishar

Jumatatu, 2 Novemba
Nimeswali alfajiri, nikaenda kisimani kupima mafuta ya jenereta kabla ngamia hawajafika. Mkanda umeanza kulia tena. Nimemwaga maji kwenye hori, nimegombana na mwenye mbuzi aliyepita foleni, nimerudi nyumbani kunywa chai. Siku ya kawaida Modogashe, alhamdulillah.
Mzee Gedi ametuma niitwe. Wazee wa jilib, yaani mbari yetu, wamepunguza majina. Kiti cha wadi tumebaki wawili: mimi na binamu yangu Bishar. Shir, yaani kikao cha wazee, ni Jumamosi ya tarehe 21. Atakayekosa atajitoa na kumwombea mwenzake dua mbele ya watu. Hivyo ndivyo sisi tunavyopiga kura, kabla ya kura yenyewe.
Nimeshika kamati ya maji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kiti hiki ni changu. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 5 Novemba
Bishar amefika kutoka Garissa. Gari jeupe, miwani, kanzu iliyopigwa pasi mpaka imekata hewa. Anauza saruji na mabati kule. Hajawahi kuchota ndoo moja hapa tangu tukiwa watoto.
Alishuka garini, akasimama tu. Mkono mmoja kiunoni, kidevu juu, akatazama watu polepole kama mwenye mji. Mama Khadija, muuza maziwa ya ngamia, akasema karibu yangu: “Mashallah, huyu ndiye kiongozi.”
Ameongoza nini? Ameongoza mlango wa gari ukafunguka.
Kwetu mtu hupewa jina kwa alivyo. Yeye ni Bishar Dheere, Bishar Mrefu. Mimi ni Yusuf Gaab, Yusuf Mfupi. Nimeitwa hivyo miaka yote na nilikuwa nacheka. Leo sikucheka.

Jumanne, 10 Novemba
Garissa, kupiga picha ya bango. Mpiga picha, kijana wa Kitui, alipiga magoti chini kabisa akaelekeza kamera juu. Nikamuuliza amepoteza nini. “Mzee, nikikupiga kutoka juu utaonekana kama unaomba msaada. Nikikupiga kutoka chini utaonekana unautoa. Kidevu juu. Usicheke sana.”
Kumbe ni kazi yake hiyo. Anasema uso wenye taya pana na macho yasiyopepesa huuza kuliko maneno yaliyoandikwa chini yake. Watu wanapita barabarani, wanatupa jicho, jicho likishatua wameshaamua. Baadaye wanatafuta sababu.
Nimeiona picha. Mtu mwingine kabisa. Ningempigia kura.
Ukutani pale kulikuwa na picha ya Bishar. Amekunja mikono. Hakuhitaji mtu apige magoti.
Wivu ni moto unaokula mema kama moto ulavyo kuni. Nalijua hilo tangu madrasani. Kuni zangu zinakwisha.

Jumatano, 11 Novemba
Nimelala Garissa ili nione soko la mifugo. Mnunuzi kutoka Nairobi amemlilia fahali wa miguu mirefu, kichwa juu, nundu imesimama. Pembeni palikuwa na mwekundu, mfupi, kifua kipana kama pipa, nyama tele. Hakumtazama. Dalali akanikonyeza. Yule mrefu ameshibishwa chumvi na maji asubuhi ili tumbo lijae.
Kwa ng'ombe tuna dalali wa kukonyeza. Kwa watu hatuna.

Jumamosi, 14 Novemba
Mabango yamebandikwa hotelini kwa Adan, ukuta mmoja, mimi kushoto, Bishar kulia. Nikakaa pembeni na kofia yangu, hakuna msafiri aliyenitambua. Picha aliyonipiga kijana wa Kitui imenifanya mgeni.
Dereva wa lori, Mmeru, aliagiza chai. Nikamuuliza, kama ungekuwa wa hapa, nani? Hata sukari hakuwa amekoroga. “Huyu wa kulia.” Kwa nini? “Anaonekana anajua kazi.” Kazi gani? Akacheka: “Ah mzee, si ile yao!”
Nikauliza madereva wengine na makondakta wao. Wageni wote, hawatujui hata mmoja wetu. Wengi walimchagua Bishar, haraka vilevile. Mmoja alisema anaonekana mwaminifu. Mwingine, anaonekana hodari. Yaani wameona taya, wakaongeza uaminifu, wakaongeza akili, wakaongeza na uchaji Mungu. Kama mtu aliyeona mlango mzuri akasema na ndani kuna chakula.
Halafu nikaenda kisimani kuuliza kinamama wanaochota. Huko ni mimi. Mama Khadija mwenyewe, nilipomkumbusha ukame uliopita na nani aliyelala kwenye jenereta, alisema: “Bishar ni mzuri kutazama, lakini maji ni ya Yusuf.”
Nimeelewa kitu. Asiyekujua hukupima kwa sura kwa sababu ndicho kipimo pekee alicho nacho. Anayekujua ana vipimo vingine.
Wasionijua ni wengi zaidi.

Jumapili, 15 Novemba
Fundi cherehani ni mmoja, anatushonea sote kanzu za kikao. Nikaona kanzu zetu zimetundikwa pamoja. Ya Bishar imezidi yangu, kweli, lakini si kama nilivyodhani. Kwenye msumari ni tofauti ya shubiri. Kwenye macho ya watu ni mnara wa simu.
Nikafanya mchezo. Vijana wanaomfuata Bishar nikawaambia wanionyeshe kwa mkono urefu wake. Wakanyoosha mikono mpaka juu ya fremu ya mlango, wengine wakisimama kwa vidole vya miguu. Ndugu zangu wa upande wangu wakaonyesha chini ya fremu. Mtu yuleyule. Tangu jina lake lianze kuvuma anazidi kurefuka, na kwa wanaompenda anarefuka zaidi. Kwa hiyo urefu humpa mtu cheo, halafu cheo nacho humwongezea urefu.
Nikamwambia mke wangu Habiba. Akasema: “Na wewe umekuwa ukifupika, maana huli.” Kisha akaweka chapati mbele yangu. Nimekula moja.

Jumanne, 17 Novemba
Pampu imekufa. Adhuhuri ikasimama tu, maji yakakatika, ngamia wamejaa mpaka barabarani. Siku nne kabla ya shir. Ya Rabbi.
Nimepiga simu kwa mafundi, watu wawili wakaja na pikapu. Nimekimbia kuwapokea. Mmoja mrefu, kifua mbele, shati safi. Nikamshika mkono kwa mikono miwili: “Injinia, karibu, Mungu amekuleta.” Nikamweleza kila kitu, sauti ya mkanda, moshi, yote. Akanisikiliza, kisha akasema: “Adeer, ami yangu, mimi ni dereva. Injinia ni yeye.”
Nyuma yangu msichana mfupi wa hijabu ya kijivu alikuwa ameshafungua sanduku la waya. Nilimpita. Nilimpa mfuko wake wa vifaa mtu mwingine ashike! Akatabasamu, amezoea. Hicho ndicho kilichonichoma. Amezoea.
Mimi. Yusuf Gaab. Nimezunguka mji mzima nikiwalaumu watu kwa macho yao.
Sijamwambia Habiba. Nimeswali alasiri nikiwa na aibu nyingi kuliko haja za kuomba.

Jumamosi, 21 Novemba
Shir. Tumekaa kwenye mikeka, na hilo lilinipa moyo, maana mtu akikaa chini miguu yake haisemi. Bega langu lilikuwa karibu na bega lake. Nikasoma bismillahi kimoyomoyo.
Mzee Gedi akauliza swali moja la maana: pampu itarudi lini, na kwa nini imekufa?
Bishar akajibu kwanza. Sauti nzito, ya polepole, bila kumeza mate. Ni kebo, alisema, imeungua, wiki mbili maji yatakuwepo, nimeshaongea na watu. Wazee wakatikisa vichwa.
Zamu yangu. Nikasema ukweli: injinia amepima juu, lakini hatujui mpaka mabomba yatolewe pampu ionekane. Huenda ni kebo, huenda ni mota, huenda maji ya chini yameshuka. Sijui bado.
Nililiona neno “sijui” likianguka kwenye mkeka kama sarafu bandia. Mzee mmoja aliyetoka Garissa akasema: “Huyu wa kisima hajui kisima?” Watu wakacheka. Waliochota maji yangu hawakucheka, lakini wao walikuwa wachache, na wengi ni wanawake waliokaa nje.
Nikainuka kuwajibu. Kosa. Mtu akasema nyuma: “Yusuf, simama basi!” Nilikuwa nimesimama. Kicheko kilichofuata sitakiandika.
Mzee Gedi alifunga. Alisema sote ni watoto wake, sote wacha Mungu, lakini wanataka mtu wa kusimama mbele ya gavana akaonekana. Akaonekana! Bishar.
Nimeinua mikono nikamwombea dua kama ilivyo desturi. Midomo yangu iliomba.

Jumapili, 22 Novemba
Namwonea wivu. Namwonea wivu shingo yake, sauti yake, namna anavyofunga mlango wa gari bila kutazama. Astaghfirullah. Namwonea wivu.

Jumatano, 25 Novemba
Wametoa mabomba. Si kebo. Ni mota, na maji yameshuka kweli. Nilikuwa sahihi kwa kusema sijui. Hakuna aliyekuja kuniambia. Vijana wanasema Bishar “alikaribia kujua”.

Alhamisi, 26 Novemba
Bishar amekuja nyumbani baada ya maghribi, peke yake, bila gari. Habiba akamletea chai. Akaishika tu.
“Walaal, ndugu yangu,” akasema, “kesho baada ya swala wataniuliza maji. Nitasema nini?”
Akaniambia tangu utotoni watu humsukuma mbele kwa sababu ni mrefu. Darasani kiranja. Kwenye harusi msemaji. Kila akifika mahali anakuta ameshaaminiwa, halafu anaogopa kusema hajui. Kwenye shir alisema kebo kwa kuwa alisikia dereva wa injinia akiitaja.
Dereva yule!
Nilitaka kufurahi. Furaha haikuja. Nilimtazama anaogopa, na hata akiogopa anapendeza. Mimi nikiogopa nafanana na mtu aliyepoteza mbuzi.
Ningeweza kumwacha aaibike. Nililifikiria hilo wakati wa kunywa chai nzima. Lakini atakayekosa maji si Bishar.
Nikamwambia aseme hivi: nilikosea, ni mota, maji yameshuka, tutashusha pampu chini zaidi, na mpaka mota mpya ifike tutaomba lori la maji. “Anza na nilikosea,” nikasema. Akauliza, je, hawatanidharau? Nikamwambia wewe ukisema umekosea wataita unyenyekevu. Na nikajua ni kweli, na ikaniuma.

Ijumaa, 27 Novemba
Amesema yote, neno kwa neno. Watu wakasema mashallah, kiongozi mnyenyekevu. Mzee Gedi alifuta jicho. Lori la maji litakuja kesho, inshallah. Injinia anarudi wiki ijayo na mota. Nimemwomba radhi kwa simu kwa jambo la siku ile. Alisema alishasahau. Sidhani.
Msikitini Bishar alisogea akasimama karibu yangu safuni. Bega langu lilikuwa shubiri moja chini ya bega lake. Tukasujudu, paji la uso langu na lake kwenye jamvi moja, sawasawa, na kwa muda ule sikumwonea wivu mtu yeyote. Nikatamani imamu achelewe.
Kisha akatoa takbiri, tukainuka.