Rangi ya Moshi wa Mzee Kalasa

Porini, nje ya Elisabethville, Jumapili, mchana

Yaya wangu mpenzi Klementina,

Nakusalimu mara mbili, mara ya kwanza wewe mwenyewe, mara ya pili mguu wako, maana barua yako ilisema huo mguu bado una kiburi na hautaki kukanyaga chini asubuhi. Shemeji hajambo? Mama bado anakohoa? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo na nguo zangu zote zinanuka moshi, lakini nakula bukari yangu, ugali wa huku, na kulala usingizi mzuri.

Najua umeifungua barua hii ukitafuta kitu kimoja tu: ninarudi lini. Niliahidi kurudi kabla ya mvua za mwaka juzi, halafu za mwaka jana, na sasa umeniandikia kwamba baba yake Agnesi amesema mbele ya watu baada ya misa, "Donati ni mwongo, binti yangu hatazeeka akimngojea mwongo." Maneno hayo yameniuma, Yaya. Ngoja nikueleze yote, halafu uhukumu mwenyewe.

Unakumbuka nilikuwa boyi wa kufua na kupiga pasi kwa wazungu. Pasi zetu ni za makala, makaa ya miti, na makala yanayouzwa pale Kenya, mtaa wa mjini nilikokuwa nikikaa, mengi ni mabaya. Hayakuiva. Ukiyatia ndani ya pasi yanatoa moshi, halafu yanarusha cheche. Cheche moja iliruka juu ya kitambaa cha meza cha Madame, ikatoboa tundu dogo sana, na tundu hilo likanitoa kazini. Fundi nguo mmoja jirani yangu alinicheka. Akasema mafundi wote wenye akili hununua makala ya Mzee Kalasa, yanayolia kama chuma ukiyagonganisha na kuwaka bila cheche. Lakini Mzee Kalasa, akasema, anakaa peke yake porini kando ya njia ya Kasenga, hataki watu, na dawa anayoitia ndani ya tanuru hajamwambia yeyote.

Wewe unanijua. Ni mimi yuleyule uliyekuwa ukimpiga mwiko mkononi kwa kufunua chungu kabla hakijaiva. Niliposikia neno dawa sikulala. Nikasema moyoni: nitaipata siri hiyo, nitarudi nayo kwetu, nitachoma makala pale karibu na stesheni, nitamwoa Agnesi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaenda kuinama.

Nilimkuta ameketi mlangoni pa kibanda chake, mtu mrefu, kichwa cheupe, anasikiliza. Hakugeuka nilipokohoa. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema jina langu na kwetu na shida yangu. Akasema, "Unayua kukata miti?" Nikasema najua. "Basi kata."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mwezi wa kwanza nilikata tu. Mti ulio hai hatuuchomi siku hiyo hiyo, tunauacha ulale juani wiki nyingi mpaka vichwa vya magogo vipasuke nyufa kama nyota, kwa sababu maji yaliyo ndani hula moto bure. Baadaye akanifundisha kupanga. Kwanza magogo mawili marefu chini, ili hewa ipite. Juu yake magogo mengine yanalazwa kwa kukingama, manene katikati ambako moto unakaa sana, membamba pembeni. Kila nafasi inazibwa kwa vijiti. Juu ya yote majani mabichi, juu ya majani mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, mpaka tanuru, ambalo yeye huliita fulu, linakuwa kama kaburi kubwa. Unawasha upande mmoja tu, ule unakotoka upepo. Moto ukishika, unaufunga mlango huo na kuacha matundu madogo chini. Maana mti hauchomwi pale, Yaya. Unanyimwa hewa. Ukipata hewa nyingi unakuwa majivu, ukikosa kabisa unabaki mti.

Yote hayo alinionyesha kwa mikono yake, akipapasa kila gogo, na mimi nikawaza: haya mtu yeyote anayajua, dawa iko wapi? Nikamwuliza. Akasema, "Bado. Ile siri nitakuambia siku utafika." Nikamwuliza tena kwenye tanuru la pili, na la tatu. Nilimpelekea tumbako, nikamchotea maji ya mto Kafubu, nikampikia sombe, majani ya muhogo. "Bado, mutoto wangu. Haiyafika."

Na kila asubuhi, hata kabla ya salamu, aliniuliza neno moja: "Moshi iko rangi gani?"

Siku za kwanza moshi ni mweupe, mzito, unatembea chini chini kati ya miti. Ni maji yanayotoka. Siku hizo pori lote linapotea. Unaona shina la mti halafu huoni matawi yake, unasikia mtu anacheka kwenye njia ya Kasenga na huwezi kusema yuko upande gani. Nilikuwa nakaa humo saa nyingi nikiziba nyufa kwa udongo, na nakuambia ukweli, mara nyingine nilimwona Agnesi akipita na ndoo yake, na wewe nyuma yake ukimgombeza. Sikuogopa. Nilifurahi tu kuwaona. Kisha moshi unageuka kuwa wa manjano, unachoma koo kama siki. Mwishowe unakuwa wa bluu, mwembamba, karibu si kitu, unaona miti ng'ambo yake ikitetemeka. Ukiwa wa bluu kila mahali, unaziba matundu yote saa hiyo hiyo, na unaliacha tanuru lipoe siku tano au sita kabla ya kulifungua. Ukichelewa kuziba, moto unaanza kula makala yenyewe.

Basi akiuliza rangi, najibu. Nilidhani ni mtihani. Nilidhani siku nitakayojibu vizuri sana, kwa maneno fulani, ndiyo atanipa dawa. Nikaanza kumpambia moshi: "Mweupe kama maziwa, baba." "Wa manjano kama meno ya mvutaji." Alicheka, akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Aya." Dawa hakunipa.

Barua yako yenye maneno ya baba yake Agnesi nililetewa na fundi nguo yule, siku ya sita ya tanuru kubwa kuliko yote tuliyowahi kupanga. Mzee alikuwa na mafua, pua imeziba, anapiga chafya ovyo. Niliisoma mara tatu nikiwa nimelala ndani ya kibanda. Mwongo! Miaka miwili namkatia mtu huyu miti, na ananifanya mwongo kwetu kwa sababu ya neno moja analolificha. Nikasikia sauti yake nje: "Donati, moshi iko rangi gani?"

Sikuinuka. Nikasema, "Ya manjano, kama jana." Nikageukia ukutani.

Alipouliza mara ya pili, jua lilikuwa limepanda. Nikajibu vile vile. Saa sita mchana nikasikia kishindo kizito, laini, kama mtu amekaa juu ya gunia. Nikatoka mbio. Ubavu wa tanuru ulikuwa umeanguka ndani na ulimi wa moto umesimama hapo juani, hauna hata moshi. Moshi wa matundu yote ulikuwa wa bluu, na bila shaka umekuwa hivyo tangu alfajiri. Tulirusha udongo, tukarusha udongo, mikono ikatoka malengelenge. Zaidi ya nusu likawa majivu meupe, laini sana, upepo ukayachukua polepole kati ya miti.

Mzee aliketi chini. Hakunifokea. Alisema tu, "Nilikuuliza mara mbili."

Kwa hasira ya mtu mwenye kosa nikamjibu, "Lakini ulikuwa umesimama mbele yake, baba! Tangu asubuhi umesimama pale uso mbele ya moshi. Hukuona?"

Nilipomwona ameketi, majivu yanatua juu ya nyusi zake naye hafumbi macho, nikaelewa. Nikakumbuka anavyopapasa magogo. Nikakumbuka kwamba hakugeuka siku ile ya kwanza.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka moya mbele ya wewe kufika. Moshi inakula macho, polepole. Pua njo inanisaidiaka. Leo pua nayo imekufa." Akatafuta mkono wangu, akaukosa, nikampa. "Bakiyua, batanipeleka kwa masista, kwa nyumba ya bazee. Mimi nitakufa kule. Kule hakuna hata muti moya."

Nikasema, "Na dawa? Ile siri?"

Akasema, "Hakuna dawa. Yote nilikuonyesha kwa fulu ya kwanza. Kama ningekuambia hakuna, ungekwenda."

Yaya, nililia. Sijui kama nililia kwa ajili yake au ya miaka yangu miwili. Mtu amenidanganya, ni kweli. Lakini mimi nami nililala kitandani nikamdanganya kipofu. Tulikaa hapo wawili, kila mmoja na uwongo wake, mpaka makala yaliyobaki yakaacha kuvuma.

Kesho yake nilifunga mzigo wangu. Ufundi ninao, sikuwa na haja ya kubaki. Yeye alijua. Alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza kamba inavyokazwa, wala hakuniuliza rangi ya kitu chochote. Sikuweza. Niliufungua mzigo na kuchukua panga, kisha tukaenda kwenye mabaki ya tanuru. Kulikuwa na magogo ambayo hayajaiva, nikayapanga madogo madogo na kuyawasha. Nikaliweka bapa la panga baridi juu ya tundu, nikampa alipapase kwa kidole gumba. Moshi mweupe uliliacha limelowa maji. Wa manjano uliliacha linanata kama ulimbo. Wa bluu, kavu. Alilipapasa mara nyingi sana. Halafu akasema, "Weye njo ulipata dawa," akacheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo sasa hata nisipokuwepo siku mbili anaweza. Lakini siku nyingi hapana, maana nyufa na miali hawezi kuviona. Sirudi kabla ya mvua, Yaya. Nimesema. Nakuomba mwende wewe na shemeji kwa baba yake Agnesi, kwa heshima, mkamwulize kama binti anaweza kuja huku. Treni ipo. Nimekwisha kukata miti ya nyumba ya pili, mbali kidogo na moshi. Akikataa nitaelewa, lakini aulizwe Agnesi mwenyewe, kwa kinywa chake.

Msalimu Mama na umwambie anywe dawa ya kikohozi asiifiche. Msalimu shemeji, na baba mdogo mpiga kengele, na shangazi muuza samaki aliyenifundisha kuhesabu. Watoto wako wote wabusu vichwani.

Mzee Kalasa naye anakusalimu. Nilimsomea barua hii yote, hata mahali pa kumwaibisha. Akaniambia niongeze neno lake, na nimeliandika kama alivyolisema: "Ambia baba ya ule binti: Donati hapana mwongo. Mwongo ni mie."

Ndugu yako,
Donati