Sponji Siku ya Kusujudu

Surafel, tangazo rasmi: leo Ijumaa Kuu, mcha Mungu Yafet (ndiyo, mimi) amesujudu kanisani tangu asubuhi bila kulalamika.

Alikuwa amefunga sponji magotini, ndani ya suruali.

Magoti ya bibi hayakunjiki tena, unajua. Alisimama na mkongojo wake, akamnong'oneza, "Mjukuu wangu, sujudu kwa ajili yangu pia." Yafet akawa anashuka na kuinuka kama mpira: ishara ya msalaba, magoti, viganja, paji la uso sakafuni, juu tena.

Halafu sponji moja likateleza, likatokea chini, kwenye pindo la suruali. Mbele ya kasisi wetu, Abba Melake, na tawi lake la mzeituni la kuwagusia waumini migongoni.

"Godoro hili la nani?"

Yafet akaendelea kusujudu, Surafel, kana kwamba halijui.

Abba akasema, "Ukishuka, mwili unauambia moyo: wewe ni udongo. Ukiinuka: utafufuka pamoja na Bwana. Goti lililolala kwenye godoro litauambia nini?"

Bibi akajibu, "Ni langu, Abba. La kukalia."

Bibi. Anadanganya. Kanisani. Ijumaa Kuu.

Nikalichomoa na la pili, nikapiga magoti kwenye jiwe.

"Ni yangu yote mawili, Abba. Kusujudu kwa ajili ya bibi naanza sasa."